Navarro Gil anakaa kwenye N: namna ya kusoma majina mawili ya ukoo ya Wahispania

*Ofisi yetu ya utalii hapa Arusha inapokea wageni wengi kutoka Hispania na Meksiko. Pasipoti zao zina majina matatu au manne, na kila mfanyakazi anaingiza anavyoona: huyu anachukua la mwisho, yule la katikati. Juzi baba na watoto wake wametokea kwenye orodha kama watu wasiohusiana kabisa, wakati mama yuko pamoja na watoto. Jina la ukoo ni lipi hasa? Na dereva akienda kuwapokea uwanjani aandike nini kwenye kibao?*
*Katibu wa ofisi, Arusha*

Ndugu katibu, jina la ukoo ni yote mawili, na linaloongoza ni la kwanza kati ya hayo mawili. Mtu akiandikwa kwa kirefu, hilo linaloongoza huwa la pili kutoka mwisho. Kwa hilo unampanga kwenye orodha, na kwa hilo unamwita. Mfano mmoja unaujua tangu utotoni. Fidel Castro jina lake kamili lilikuwa Fidel Alejandro Castro Ruz. Baba yake alikuwa Ángel Castro, mama yake Lina Ruz. Dunia nzima ilimwita Castro, na hakuna gazeti lililoandika kwamba Rais Ruz amehutubia mkutano. Ukilifuata hilo tu, makosa mengi ya orodha yako yatakuwa yamekwisha.

Majina hayo yanajengwa hivi. Mtoto anapewa jina lake mwenyewe, moja au mawili. Baada ya hapo anachukua jina la kwanza la ukoo la mzazi mmoja, kwa desturi baba, kisha jina la kwanza la ukoo la mzazi wa pili. Majina ya pili ya wazazi yanaishia kwao, hayamfikii mtoto. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu kwenye hati zake, anabaki na majina aliyozaliwa nayo. Mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez alikuwa mtoto wa Gabriel Eligio García na Luisa Santiaga Márquez, ndiyo maana maktaba zinaviweka vitabu vyake kwenye G, chini ya García Márquez. Ukivitafuta kwenye M utaambiwa havipo, na vipo.

Sisi tunakosea kwa sababu ya mazoea ya fomu zetu. Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake, halafu la babu au la ukoo, kwa hiyo jicho linakwenda moja kwa moja kwenye neno la mwisho. Fomu ikiwa na sanduku la jina la kati, mfanyakazi anaona neno limekaa katikati naye analitia humo. Kwa Mhispania neno hilo la katikati ndilo lenye uzito, na ukilitia kwenye sanduku la jina la kati umelificha, kwa sababu mifumo mingi ya kompyuta haitafuti mtu kwa jina la kati.

Sasa tuichukue familia yako. Majina yenyewe sijayaona, kwa hiyo nitatumia ya mfano. Baba ni Luis Alberto Navarro Gil. Mama ni Carmen Ibáñez Soto. Watoto ni Marta Navarro Ibáñez na Diego Navarro Ibáñez. Mfanyakazi wa kwanza alichukua neno la mwisho kwa baba na kwa watoto, basi baba akaingia kama Gil na watoto kama Ibáñez. Mfanyakazi wa pili alimwingiza mama, akachukua neno la katikati, akapata Ibáñez. Kwa mama alipatia. Lakini sasa orodha inaonyesha mama na watoto wa ukoo wa Ibáñez wakisafiri na mwanamume aitwaye Gil, ambaye jina lake halifanani na lao hata kidogo. Zingeingizwa sawasawa, orodha ingesomeka hivi:

```
Ibáñez Soto, Carmen
Navarro Gil, Luis Alberto
Navarro Ibáñez, Diego
Navarro Ibáñez, Marta
```

Baba na watoto wanakutana kwenye Navarro. Mama yuko peke yake kwenye I, na hapo hakuna kosa. Jina lake limo ndani ya majina ya watoto, nafasi ya pili. Ukizoea kidogo, utaanza kuusoma undugu humo humo kwenye orodha. Watu wawili wenye majina yote mawili sawa, kwa mpangilio ule ule, kwa kawaida ni ndugu wa baba na mama mmoja. Wakishiriki moja tu, huenda ni mzazi na mtoto, au ndugu wa mzazi mmoja, au binamu. Mzazi na mtoto kwa kawaida hawafanani majina yote mawili, kwa hiyo msimsumbue mama wa Kihispania kwa sababu jina lake si sawa na la mwanawe. Huo ndio utaratibu wao wa kisheria.

Jambo hili liliwahi kufika mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya. Mhispania Carlos García Avello aliishi Ubelgiji na mkewe Mbelgiji, Isabelle Weber. Watoto wao walipozaliwa, msajili wa Ubelgiji aliwapa jina la baba kama lilivyo, García Avello, kwa kuwa sheria ya kule ilimrithisha mtoto jina lote la baba. Wazazi wakaomba libadilishwe liwe García Weber, serikali ikakataa. Tarehe 2 Oktoba 2003 mahakama iliwapa wazazi haki: watoto wale walikuwa raia wa nchi zote mbili, na kuwalazimisha wabebe majina tofauti katika kila nchi kungewaletea matatizo ya kweli kwenye vyeti na hati za kusafiria. Angalia walichokuwa wanakikwepa. Kwa macho ya karani wa Madrid, mtoto aitwaye García Avello anaonekana kama ndugu wa baba yake, aliyezaliwa na bibi yake.

Kuna badiliko moja ambalo mwongozo wa ofisi yenu uliandike vizuri. Msiandike kwamba jina linaloongoza ni "la baba". Hispania iliwaruhusu wazazi mwaka 1999 kukubaliana kutanguliza la mama, na tangu 30 Juni 2017, chini ya Sheria ya Usajili wa Raia namba 20 ya 2011, la baba halina tena kipaumbele. Wazazi wanachagua mpangilio, na wasipoafikiana msajili ndiye anaamua kwa kuangalia masilahi ya mtoto. Mpangilio wa mtoto wa kwanza ndio unaofuatwa kwa wadogo zake. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anayekuja na wazazi wake anaweza kuwa Ibáñez Navarro. Ninyi andikeni "la kwanza" na "la pili" kama yalivyo kwenye pasipoti, bila kujiuliza lipi limetoka kwa nani.

Tukifika kwenye pasipoti, hapo hakuna haja ya kubahatisha. Ukurasa wa picha una sehemu iliyoandikwa Apellidos, hayo ndiyo majina ya ukoo, na nyingine iliyoandikwa Nombre, hilo ndilo jina la mtu mwenyewe. Mkiwa na nakala hafifu ambayo maandishi hayo hayasomeki, nendeni chini kabisa kwenye mistari miwili ya kusomwa na mashine. Mstari wa kwanza wa pasipoti ya Luis Alberto ungekuwa hivi:

```
P<ESPNAVARRO<GIL<<LUIS<ALBERTO<<<<<<<<<<<<<<
```

P ni pasipoti, ESP ni Hispania. Kwa Meksiko utaona MEX. Kinachofuata mpaka kwenye alama mbili zilizoungana, `<<`, ni ukoo. Kinachofuata baada yake ni jina lake mwenyewe. Alama moja, `<`, ni nafasi tu kati ya neno na neno. Utaratibu huu ni wa kimataifa, nao unatatua kitu ambacho macho peke yake hayawezi. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "Luis Alberto Navarro", huna namna ya kujua kwa hakika kama Alberto ni jina lake la pili au ni la ukoo. Mashine inakuambia. Mistari hiyo haina alama juu ya herufi, na Ñ huwa inageuka N, kwa hiyo Ibáñez utamkuta kama `IBANEZ`. Usidhani ni mtu mwingine.

Sisitiza hili kwa vijana wa ofisini, kwa sababu Wahispania wana majina mengi ambayo ni jina la mtu na ni jina la ukoo pia: Martín, Alonso, Vicente, Simón, Ramón. Mmoja wa wanasayansi wawili waliopata tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1906 ni Santiago Ramón y Cajal. Watu wengi wanadhani aliitwa Santiago Ramón na ukoo wake ni Cajal. La hasha, jina lake ni Santiago tu. Ramón ni jina la kwanza la ukoo, Cajal la pili, na hiyo "y" katikati ni "na" ya Kihispania inayounganisha majina mawili ya ukoo. Anakaa kwenye R. Ukiikuta hiyo "y" kwenye jina la mgeni, shukuru, maana inakuonyesha mahali ambapo majina ya ukoo yanaungana. Kwenye kupanga, hamuihesabu.

Kwa faili zenu, ushauri wangu ni kuwa na sanduku moja la ukoo linalobeba majina yote mawili, yakitenganishwa na nafasi, na sanduku jingine la jina la mtu. Msilitupe la pili kwa kuona ni refu. García ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Hispania, na Meksiko akina Hernández wamejaa tele. Ukiandika "Hernández, María" tu, mwaka ujao utakuwa na watatu usioweza kuwatenganisha. La pili ndilo linalowatofautisha. Panga kwa la kwanza, wakigongana angalia la pili, wakigongana tena angalia jina la mtu. Msiweke kistari kati ya majina mawili kama pasipoti haina. Kuna Wahispania wanaoishi nje ambao wameweka kistari wenyewe ili makarani wa ugenini wasiwakate jina, na kuna familia ambazo kistari kimo ndani ya jina moja la ukoo. Waziri Mkuu Pedro Sánchez ni Pedro Sánchez Pérez-Castejón: la kwanza Sánchez, la pili ni Pérez-Castejón lote. Ukiongeza kistari chako, unavuruga hesabu hiyo.

Maneno madogo "de", "del" na "de la" kwa Kihispania hayahesabiwi kwenye kupanga. Ernesto Che Guevara ambaye wazee wa Dar es Salaam na Kigoma wanajua habari zake za mwaka 1965, akielekea Kongo kwa jina la Tatu, kwa kirefu huandikwa Ernesto Guevara de la Serna. Anakaa kwenye G. Kama mgeni wako jina lake la kwanza la ukoo ndilo De la Serna, maktaba ya Hispania itampanga kwenye S, kisha "de la" inakuja mwishoni baada ya jina lake. Mfumo wenu wa kompyuta huenda ukamtia kwenye D, na mimi sioni ubaya, mradi wote wenye "de" watendewe hivyo hivyo. Kuhusu Ñ, kwao ni herufi inayojitegemea na hukaa baada ya N, kwa hiyo Muñoz anakuja baada ya Munuera. Kompyuta nyingi hazijui hilo. Mkimtafuta Muñoz msimuone, angalieni mistari michache juu.

Sasa kibao cha dereva. Kwa mgeni mmoja aandike "Sr. Navarro Gil", au "Sra. Ibáñez Soto" kwa mwanamke. Akikosa nafasi, "Sr. Navarro" inatosha. Asiandike "Sr. Gil", mgeni anaweza kupita na kwenda kukaa kwenye benchi akidhani anasubiriwa mwingine. Wala mke asiandikwe "Sra. Navarro", hilo si jina lake. Kwa familia nzima wao wenyewe wanasema familia Navarro Ibáñez, yaani la kwanza la baba na la kwanza la mama, ambayo ndiyo majina ya watoto. Andikeni "Familia Navarro Ibáñez", na wote wanne watajiona humo.

Wakishafika na mazungumzo yakawa ya karibu, kuna "don" na "doña". Hizi zinakwenda na jina la mtu mwenyewe, haziendi na ukoo peke yake: don Luis, doña Carmen. Kwa Mtanzania hii haina ugeni, maana hata sisi tunasema Mzee Juma na Bi Asha kwa heshima, hatuhitaji ukoo. Wameksiko nao hupenda kuitwa kwa cheo cha elimu, daktari fulani au injinia fulani, na hapo linafuata jina la kwanza la ukoo.

Yapo majina yatakayokuchanganya kwa sababu umezoea kuyasikia kwa la pili. José Luis Rodríguez Zapatero, aliyeongoza serikali ya Hispania kuanzia 2004 hadi 2011, magazeti yalimwita Zapatero. Mshairi Federico García Lorca wengi wanamwita Lorca. Mchoraji Pablo Ruiz Picasso alisaini michoro yake kwa jina la mama. Ukiangalia utaona sababu ni ile ile: Rodríguez, García na Ruiz ni majina ya watu wengi mno, la pili ndilo linalomtambulisha mtu. Lakini kuitwa ni jambo moja na kupangwa ni jingine. Rodríguez Zapatero yuko kwenye R na García Lorca yuko kwenye G. Mgeni akikuambia "niite Soto", muite Soto bila ubishi, faili libaki kwenye I.

Amerika ya Kusini na ya Kati utakutana na wanawake wanaoongeza jina la mume kwa "de". Violeta Barrios de Chamorro, Rais wa Nikaragua kuanzia 1990 hadi 1997, alizaliwa Barrios. Chamorro lilikuwa la mumewe. Cristina Fernández de Kirchner wa Ajentina ni hivyo hivyo. Wanapangwa kwa jina lao la kuzaliwa: Barrios de Chamorro kwenye B, Fernández de Kirchner kwenye F. Ajentina kwenyewe watu wengi wana jina moja tu la ukoo, kwa hiyo msimlazimishe Muajentina atoe la pili ambalo hana, wala msigeuze jina la pili la mtu mwenyewe kuwa ukoo ili mjaze nafasi.

Kuna nchi moja ya Kihispania hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, ambako kanuni hii inabadilika. Rais wake tangu 1979 ni Teodoro Obiang Nguema Mbasogo. Mwanawe aliye makamu wa rais ni Teodoro Nguema Obiang Mangue. Ukitumia kanuni ya Hispania unapata ukoo wa Obiang kwa baba na ukoo wa Nguema kwa mwana. Ni kwa sababu Wafang, kabila lao huko, wanapanga kama sisi: jina la Kiafrika la mtu mwenyewe, kisha la baba yake, kisha la upande wa mama. Nguema wa mwana ni jina lake mwenyewe, na Obiang anayefuata ndiye baba. Kwa faili fuateni pasipoti inavyogawa, lakini msitafute undugu kwa kulinganisha neno la kwanza.

Na chungeni sana mkipokea Wareno, Wabrazili au majirani zetu wa Msumbiji. Kwa Kireno mpangilio umegeuzwa: la mama hutangulia, la baba hukaa mwisho, na la mwisho ndilo linaloongoza. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyeanza kazi 2017, António Manuel de Oliveira Guterres, anakaa kwenye G, na hilo G ni la Guterres. Alama za PRT, BRA na MOZ kwenye mstari wa pasipoti ziwape tahadhari kabla hamjapanga.

Kwa faili zilizokwisha kuharibika, chukueni nakala za pasipoti za wageni wote wenye ESP na MEX, msome ule mstari wa mashine, mrekebishe sanduku la ukoo. Msifute kabisa mahali pa zamani. Kwenye G acheni mstari mmoja: "Gil, Luis Alberto: tazama Navarro Gil". Vocha za hoteli na vibali vilivyokwisha kutolewa bado vinasema Gil, na mwenzako akipigiwa simu kutoka getini atatafuta Gil kwanza. Kwa wageni wapya, fomu ya kuhifadhi nafasi iulize "Apellidos" na "Nombre", kama pasipoti inavyosema. Mhispania akiulizwa jina lake la mwisho kwa Kiingereza, mmoja atajibu Navarro, mwingine Navarro Gil, na mwingine, kwa kutaka kukusaidia, atakupa Gil.